Malipo 13 yasiyo na jibu: uchambuzi wa kurudisha pesa za tamasha lililofutwa

Tamasha lilifutwa siku sita kabla ya kufanyika, na siku hiyohiyo waandaaji wakatangaza kwamba kila aliyenunua tiketi atarudishiwa pesa yake yote, kwa simu, kwenye namba ileile aliyolipia. Tiketi zote zilikuwa zimeuzwa kwa pesa za simu. Kwenye akaunti ya kupokelea yalikuwa yameingia malipo 412 yenye jumla ya 820,000. Mimi nilikuwa upande wa hesabu: kuandaa orodha ya wanaodai, kusimamia kumbukumbu na kufunga mahesabu mwishoni. Kiasi nakitaja bila jina la sarafu, kwa kuwa hesabu ni ileile popote.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu ya malipo 13 tu kati ya hayo 412. Malipo yanayokataliwa hayana shida kubwa, maana sababu huja nayo na pesa hubaki kwako. Yaliyofika nayo yamekwisha. Hatari iko kwa yale ambayo mfumo haukusema lolote, na kila tulichokipanga kabla ya kutuma kilikuwa maandalizi ya kukutana na hayo.

Nani anadai, na anadai kiasi gani

Orodha ya kwanza iliyoletwa mezani ilitoka kwenye mfumo wa tiketi. Ilikuwa na oda 431, na mtu mwingine angeipakia kama ilivyo. Tulianzia kwingine, kwenye taarifa ya miamala ya akaunti iliyopokea pesa, kwa sababu deni la kurudisha pesa linatokana na pesa iliyoingia. Tiketi ni ushahidi wa kitu kingine. Tulipolinganisha orodha hizo mbili kwa namba ya muamala, oda 409 zilikutana na malipo yake. Oda 22 zilizobaki zilikuwa tiketi za bure za wageni waalikwa, ambazo mfumo ulizihesabu kama tiketi za kawaida. Kwa upande wa pili kulikuwa na malipo 3 ambayo hayakuwa na tiketi yoyote: walipaji walikosea kuandika namba ya oda, pesa ikaingia, tiketi haikutoka, na hawakulalamika.

Kwa hiyo orodha ya tiketi ingewalipa watu 22 ambao hawakutoa chochote na kuwasahau watatu waliotoa. Hao watatu ndio walionigusa zaidi. Walikuwa wamepoteza pesa tayari kabla tamasha halijafutwa, na bila kuanzia kwenye taarifa ya miamala wasingeonekana kabisa.

Taarifa yenyewe ilikuwa na upungufu mmoja. Mtoa huduma wa pesa za simu alikuwa ameficha tarakimu za katikati za namba za walipaji, jambo ambalo baadhi yao hulifanya kulinda faragha. Kiasi na namba ya muamala tulivichukua kwenye taarifa, namba kamili ya simu tukaitoa kwenye mfumo wa tiketi, kisha tukahakikisha tarakimu za mwanzo na za mwisho zinalingana pande zote mbili. Namba za wale watatu wasio na oda ilibidi tuziombe kwa mtoa huduma kwa maandishi, tukitaja namba ya kila muamala.

Kuna mtego mdogo wa jedwali hapa ambao umewahi kuharibu kazi za watu wengi. Ukifungua orodha kwenye Excel bila kuitaja safu ya namba za simu kuwa ni maandishi, sifuri ya mwanzo hupotea, na namba yenye tarakimu 12 huonyeshwa kama `2.54712E+11`. Ukihifadhi faili hilo kama CSV, kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana, yaani tarakimu za mwisho za kila namba zinapotea na nafasi yake kuchukuliwa na sifuri. Dalili ni rahisi kuiona ukijua pa kuangalia: fungua faili kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, si kwa Excel, usome mistari michache kabla ya kulipakia.

Swali la nani hasa alipwe lilizua mjadala. Mtu mmoja anaweza kuwa amewanunulia rafiki zake wanne, na jina lililo kwenye tiketi si la mlipaji. Msimamo uliokubaliwa ni kwamba pesa inarudi ilikotoka. Aliyelipa ndiye anayerudishiwa, naye atajuana na rafiki zake. Vilevile tulikataa kuunganisha malipo ya mtu mmoja. Malipo 412 yalitoka kwa namba 397, na kuunganisha kungepunguza miamala 15, akiba ya ada isiyozidi 300 hivi. Dhidi ya jumla ya 820,000 hiyo ni akiba ndogo mno, na gharama yake ni kubwa: ungepoteza ule ulinganifu wa muamala mmoja ulioingia kwa muamala mmoja uliotoka. Mtu akiuliza malipo yake fulani yalirudi lini, jibu lazima liwe mstari mmoja usiohitaji maelezo.

Ada, na pengo lililokuwa limejificha

Pesa iliyoingia haikuwa imekaa yote. Mtoa huduma alikuwa amekata asilimia 1 ya kila malipo yaliyopokelewa, yaani 8,200, na makato hayo hayarudi hata tamasha likifutwa. Malipo ya awali ya ukumbi na mitambo, 150,000, nayo hayakuwa yamerudi. Kwenye akaunti kulikuwa na 661,800.

Upande wa kutuma, mkataba wa akaunti ulitoza kwa viwango: 10 kwa malipo yasiyozidi 1,000, 20 kwa malipo ya 1,001 hadi 5,000, na 35 kwa yanayozidi hapo. Malipo 230 yalikuwa ya 1,000 kamili, 160 yaliangukia kiwango cha kati, na 22 yalizidi 5,000. Hesabu ya ada ikawa 2,300 na 3,200 na 770, jumla 6,270. Ili kumlipa kila mtu zilihitajika 826,270, na pengo lilikuwa 164,470.

Palikuwa na shinikizo la kuanza na kilichopo, wa kwanza apate na wengine wasubiri. Waandaaji walikataa, na naamini walifanya vyema. Kuanza kulipa huku akaunti haitoshi kunamaanisha kwamba mkupuo wa mwisho utakataliwa kwa kukosa salio, na watu walioahidiwa pesa siku moja watagawanyika kuwa waliopata na wasiopata bila sababu inayoelezeka. Waliziba pengo kwanza kwa fedha zao, siku tatu zikapita, ndipo kazi ikaanza.

Kuhusu nani abebe ada ya kutuma, jibu lilikuwa wazi: mwandaaji. Tamasha halikufutwa na mnunuzi. Lakini kuna ada ya pili ambayo wengi huichanganya na hiyo, nayo ni ada ya kutoa pesa kwa wakala, anayoibeba mpokeaji. Mjumbe mmoja alipendekeza kumwongezea kila mtu kiasi hicho ili apate 1,000 mkononi. Hatukufanya hivyo, kwa sababu mnunuzi alilipa kutoka kwenye salio la simu na hakutozwa chochote wakati wa kununua. Salio lake likirudi kuwa vile lilivyokuwa, amerudishiwa kikamilifu. Kama wanunuzi wangekuwa wametozwa ada ya kulipia, ningeshikilia kwamba ada hiyo nayo irudishwe. Na hapo ingebidi kuangalia mipaka ya viwango, kwa maana ukiongeza hata 10 juu ya 1,000 unavuka kiwango, na ada yako ya kutuma inapanda kutoka 10 hadi 20 kwa kila mmoja wa wale 230.

Kumbukumbu yenye karatasi mbili

Watu wengi huweka orodha moja yenye safu ya mwisho iitwayo "amelipwa", wakaijaza ndiyo au hapana. Orodha ya namna hiyo inatosha mpaka malipo ya kwanza yanapokwama, ndipo inapogundulika kwamba haina pa kuandika kilichotokea. Tulitenganisha mambo mawili. Karatasi ya kwanza ni ya madeni: mstari mmoja kwa kila malipo yaliyoingia, wenye namba ya deni, namba ya muamala wa asili, namba ya simu, jina na kiasi. Karatasi hiyo ilifungwa kabla ya kuanza kulipa na haikuguswa tena. Karatasi ya pili ni ya majaribio ya kulipa. Deni moja linaweza kuwa na jaribio moja au matatu, na kila tukio linaandikwa kwa mstari mpya bila kufuta wa zamani.

Hivi ndivyo deni namba 217 lilivyoonekana kwenye karatasi ya pili kazi ilipokwisha:

```
deni,jaribio,kumbukumbu,kiasi,hali,risiti
D-217,1,D-217-1,2500,IMETUMWA,
D-217,1,D-217-1,2500,HAIJULIKANI,
D-217,1,D-217-1,2500,IMEKATALIWA,
D-217,2,D-217-2,2500,IMETUMWA,
D-217,2,D-217-2,2500,IMELIPWA,(namba ya muamala)
```

Safu ya kumbukumbu ndiyo iliyobeba mzigo wote. Ni maneno tunayoyatunga sisi, yanasafiri na malipo, na mtoa huduma huyarudisha kwenye taarifa yake. Kanuni yake ni moja: jaribio lisilojulikana matokeo yake halipewi kumbukumbu mpya. Kumbukumbu mpya hutolewa pale tu jaribio lililotangulia limethibitika kwamba halikulipa. Ukienda kinyume na hapo, unakuwa umemwambia mtoa huduma kwamba hili ni deni jingine, naye atalilipa.

Hali ya IMETUMWA nayo inahitaji kuelezwa, kwa sababu jibu la kwanza la mfumo huwadanganya wengi. Kwenye API ya MTN MoMo, yaani njia ya programu kuzungumza moja kwa moja na mfumo huo, ombi la kutuma pesa hujibiwa `202`, maana yake ombi limepokelewa, na matokeo yenyewe unayauliza baadaye. Kwenye Daraja, API ya Safaricom, `ResponseCode` yenye `0` inasema ombi limekubaliwa kushughulikiwa, na matokeo ya mwisho huja kando kupitia `ResultURL`, anwani uliyoitaja kwenye ombi. Anayetumia tovuti ya mtoa huduma na kupakia faili anakutana na jambo hilohilo kwa sura nyingine: ujumbe wa "faili limepokelewa" unahusu faili, hauhusu pesa. Kwetu, IMELIPWA iliandikwa baada ya kuonekana namba ya muamala wa malipo, na si kabla.

Makundi

Mtoa huduma angekubali malipo yote 412 kwa faili moja. Tuliyagawa: kundi la kwanza malipo 12, kisha makundi manne ya malipo 100. Lile la 12 tulilichagua kwa makusudi, likiwa na malipo kutoka kila kiwango cha ada, na baadhi ya wapokeaji walikuwa watu tuliowafahamu na tungeweza kuwapigia simu papo hapo. Lilikuwa la kupima mambo mawili, kwamba kumbukumbu yetu inarudi kwenye taarifa kama tulivyoiandika, na kwamba ada iliyokatwa inalingana na mkataba. Yote 12 yalifika, ada ikalingana.

Akaunti ya kulipia ilikuwa tofauti na ya kupokelea, kama ilivyo kwa watoa huduma wengi, na pesa ilihamishwa kwa kundi moja moja. Kundi la 100 lilipewa kiasi chake pamoja na ada zake, basi. Hiki ni kizuizi rahisi chenye nguvu: mtu akipakia faili moja mara mbili kwa bahati mbaya, mara ya pili inakataliwa kwa kukosa salio. Aliyeandaa faili hakuwa ndiye anayeidhinisha. Mwidhinishaji alilinganisha vitu vitatu kabla ya kubonyeza: idadi ya mistari, jumla ya kiasi, na namba ya deni la kwanza na la mwisho.

Kundi la pili lilikwenda vizuri. Malipo 98 yalifika, 2 yakakataliwa na sababu zikaandikwa. Kundi la tatu ndilo lililokwama.

Zile 13

Katikati ya kundi la tatu mfumo wa mtoa huduma uliyumba. Ripoti iliyorudi ilionyesha malipo 83 yamefika, 4 yamekataliwa, na 13 hayakuwa na matokeo yoyote. Kwenye ripoti, mistari hiyo 13 ilikuwa na nafasi tupu pale ambapo pangekuwa na namba ya muamala.

Nafasi tupu inafanana sana na hapana. Ndani ya saa moja wanunuzi walikuwa wanapiga simu kuuliza kwa nini wenzao wamepata, na wazo la kuchukua mistari yote 17 isiyo na risiti, kuiweka kwenye faili jipya na kuituma lilikuwa linavutia kila mtu chumbani. Tuliitenga mistari 4 iliyokataliwa na tukaiandika IMEKATALIWA. Ile 13 tukaiandika HAIJULIKANI na tukakubaliana kwamba hakuna anayeigusa mpaka taarifa ya akaunti itoke.

Salio liliweza kutupa dokezo mapema. Akaunti ilikuwa imepewa kiasi cha kundi hilo tu, kwa hiyo ukitoa malipo 83 yaliyothibitika na ada zake, kilichotakiwa kubaki ni pesa ya mistari 17. Kilichokuwepo kilikuwa pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Hiyo ilitosha kujua kwamba baadhi ya zile 13 zilikuwa zimetoka, ingawa haikusema ni zipi. Ndiyo faida nyingine ya kuhamisha pesa kwa kundi: salio linakuwa shahidi. Akaunti ingekuwa na 826,270 tangu mwanzo na makundi mawili yanaendelea kwa pamoja, dokezo hilo lisingesomeka.

Taarifa ya akaunti ilipotoka asubuhi yake, tulitafuta kumbukumbu 13 moja baada ya nyingine. Tisa zilikuwepo, zikiwa na namba za muamala na pesa ikiwa imekatwa. Nne hazikuwepo popote. Tusingeandika IMEKATALIWA kwa kutoonekana tu, kwa sababu muamala unaweza kuchelewa kuingia kwenye taarifa. Tulimwandikia mtoa huduma tukiorodhesha kumbukumbu hizo nne, naye akajibu kwa maandishi kwamba zimefungwa bila kulipwa na hazitatekelezwa tena. Hapo ndipo zikapata jaribio la pili na kumbukumbu mpya, D-217 likiwa mojawapo, na zote nne zikafika.

Kama faili la mistari 17 lingetumwa jioni ile, watu tisa wangelipwa mara mbili. Pesa iliyokwisha kuingia kwenye simu ya mtu ni yake mpaka akubali kuirudisha. Kurudisha muamala kwa nguvu kunahitaji salio liwe bado lipo na mtoa huduma akubali. Na ungeanza kuwaandama wanunuzi waliokwisha kuvumilia tamasha kufutwa, ukiwadai pesa waliyopewa bila kuiomba.

Kuna mifumo inayokulinda hapa. MTN MoMo, kwa mfano, hujibu `409` ukirudia ombi lenye `X-Reference-Id`, yaani kumbukumbu ya ombi, iliyokwisha kutumika, kwa hiyo kurudia kwa kumbukumbu ileile hakuleti malipo mapya. Kwenye tovuti za kupakia mafaili ulinzi huo usiudhanie upo. Upime kwenye kundi dogo, kwa kurudia mstari mmoja wa mtu unayemfahamu, kisha uangalie kama unakataliwa.

Kwa ukaguzi wa mara kwa mara tulitumia fomula moja kwenye jedwali la majaribio, safu A ikiwa namba ya deni na E ikiwa hali:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,E:E,"IMELIPWA")
```

Jibu likizidi 1 kuna mtu amelipwa mara mbili. Iliendeshwa kabla ya kila kundi kuidhinishwa.

Waliokataliwa na waliosema hawajapata

Katika makundi mawili ya mwisho malipo 97 na 99 yalifika, na manne yakakataliwa. Ukijumlisha na yaliyotangulia, malipo yaliyokataliwa kwa sababu inayojulikana yalikuwa 10. Sababu zake zilikuwa za aina mbili tu: simu ambazo salio lake lingevuka kikomo kinachoruhusiwa zikipokea zaidi, na namba zilizofungwa au ambazo huduma yake ya pesa imesimamishwa. Wenye kikomo walipigiwa simu, wakapunguza salio, wakalipwa kwenye jaribio la pili. Walikuwa wanne.

Wenye namba zilizofungwa ni suala gumu zaidi, kwa sababu hapo ndipo mtu huomba alipwe kwenye namba nyingine, na ombi hilo ndilo tapeli angelitoa. Tulikubali namba mpya kwa sharti la mdai kutaja namba ya muamala wa asili, kiasi na siku aliyolipa, na jina lililosajiliwa kwenye namba mpya liwe lilelile lililoonekana kwenye malipo ya awali. Wawili walitimiza. Namba iliyofungwa ina hatari nyingine: baada ya muda inaweza kupewa mteja mwingine, malipo yakapita bila kukataliwa na kumfikia mtu baki. Ndiyo sababu jina la mpokeaji linalorudi kwenye ripoti ya malipo tulililinganisha na jina la mlipaji wa awali kwa mistari yote, si kwa yenye utata peke yake.

Tangazo kwa wanunuzi lilisema wazi kwamba pesa itaingia yenyewe, hakuna kiungo cha kubonyeza wala namba ya siri ya kutoa. Marejesho ya wengi kwa pamoja ni msimu wa matapeli, na mnunuzi anayesubiri pesa yake ni rahisi kumdanganya.

Watu watatu ambao karatasi ya majaribio ilionyesha wamelipwa walipiga simu kusema hawajaona kitu. Tuliwapa kila mmoja namba ya muamala, siku na saa. Wawili waliikuta baada ya kuangalia taarifa zao. Wa tatu alikuwa sahihi kwa namna yake: salio lake halikuongezeka, kwa sababu alikuwa na deni la ovadrafti kwenye simu na mfumo uliikata pesa ilipoingia tu. Kwetu deni lilikuwa limelipwa, na yeye alistahili kuelezwa hivyo kwa utulivu, pamoja na namba ya muamala aipeleke kwa mtoa huduma wake aonyeshwe makato.

Kufunga hesabu

Mwishoni madeni 408 yalikuwa yamelipwa. Manne yalibaki, yote ya namba zilizofungwa ambazo wenyewe hawakujitokeza: mawili ya 1,000, moja la 2,500 na moja la 3,000, jumla 7,500. Jumla ya waliolipwa ilikuwa 812,500. Kwa viwango vya mkataba, ada za malipo 408 ni 6,210, kwa hiyo katika 826,270 kilichotakiwa kubaki ni 7,560, yaani madeni manne pamoja na 60 ya kuyatuma.

Akaunti ilikuwa na 7,540. Pungufu ya 20.

Kiasi ni kidogo na mtu angeweza kukipitisha kama makato. Hatukukipitisha, kwa kuwa 20 ni ada kamili ya malipo moja ya kiwango cha kati, na ada moja ya ziada inaweza kumaanisha malipo moja ya ziada yaliyojificha. Tulichukua ada iliyokatwa kweli kwa kila muamala kutoka kwenye taarifa na kuilinganisha na ada tuliyoitarajia kwa viwango, mstari kwa mstari. Mistari miwili haikulingana, kila mmoja ukiwa umezidi kwa 10: ni wale wawili waliolipwa kwenye namba mpya. Namba hizo zilikuwa za mtandao mwingine, na kutuma kwenda mtandao mwingine kulikuwa na nyongeza. Hakuna aliyelipwa mara mbili. Tangu hapo jedwali la majaribio lina safu mbili za ada, iliyotarajiwa na iliyokatwa, na ya pili hujazwa kutoka kwenye taarifa peke yake.

Waandaaji waliongeza 20 ili akaunti itoshe kuwalipa wanne waliobaki pamoja na ada zao. Pesa hiyo 7,560 iko kwenye vitabu vyao kama deni, si kama mapato, na imeachwa kwenye akaunti ya kulipia ambako haichanganyiki na matumizi mengine. Karatasi ya madeni na ya majaribio zimehifadhiwa pamoja na taarifa ya mtoa huduma, na wanaoweza kuzifungua ni wawili, kwa sababu zina majina na namba za simu za watu. Mmoja wa wale wanne akijitokeza, ataulizwa namba ya muamala wa asili, na mstari wake utapata jaribio jipya.